Tangazo la kanuni za nyumba Ujerumani: tafsiri ya picha inapokupotosha, chanzo chake na namna ya kuisahihisha

Ukihamia bweni la wanafunzi au nyumba ya kupanga kwa pamoja Ujerumani, karibu na mlango wa chini utakuta karatasi imebandikwa, na juu yake imeandikwa Hausordnung. Hizo ndizo kanuni za nyumba. Mara nyingi zimeambatishwa kwenye mkataba wa upangaji, kwa hiyo anayezivunja anaweza kupelekewa onyo la maandishi, hata kama hakuzielewa. Wapangaji wengi wanaozungumza Kiswahili huipiga picha karatasi hiyo, wakaipitisha kwenye Google Tafsiri, wakasoma kinachotoka. Shida ni kwamba kinachotoka huwa Kiswahili chenye kusomeka vizuri, ila saa si zile, mgeni anayekatazwa siye, na pipa linatolewa nje wiki ambayo lori halipiti.

Tuchukue tangazo moja la mfano, lenye maneno yale yale yanayokutwa kwenye karatasi nyingi za aina hii, tulitumie mpaka mwisho:

```
Ruhezeiten: werktags 13–15 Uhr und 22–6 Uhr,
sonn- und feiertags ganztägig.
Außerhalb der Ruhezeiten gilt Zimmerlautstärke.
Übernachtungsgäste, die länger als drei Nächte
bleiben, sind der Hausverwaltung anzumelden.
Die Überlassung des Zimmers an Dritte ist
nicht gestattet.
Restmüll: Di, ungerade KW    Bio: Di, gerade KW
Gelbe Tonne: Do, gerade KW
Tonnen bis 6 Uhr bereitstellen,
frühestens ab 18 Uhr am Vortag.
```

Dalili: tafsiri ina vipande visivyoungana, au maneno ya ajabu katikati ya sentensi

Hapa kosa ni la picha, na hakuna tafsiri itakayoliponya. Matangazo haya mengi yametiwa laminesheni au yako ndani ya fremu ya kioo, na taa ya ngazini inapiga juu yake. Penye mng'ao kamera haioni herufi, nayo programu hairuki pale, bali hubuni neno linalokaribia.

Zima flashi. Simama kama mita moja kutoka ukutani, simu iwe sambamba na karatasi, kisha vuta picha karibu mara mbili kwa zumu badala ya kuisogelea. Ukiisogelea sana kivuli chako kinaangukia maandishi na mistari ya pembeni inapinda. Mng'ao ukikaa pale pale, sogea hatua moja kulia upige, halafu hatua moja kushoto upige tena. Mstari uliofutika kwenye picha ya kwanza utakuwa mzima kwenye ya pili.

Usitumie ile hali ya kamera inayotafsiri papo hapo huku simu ikitikisika mkononi. Piga picha iliyotulia, ifungue ndani ya programu kutoka kwenye matunzio, kisha uchague maandishi yote na kuyanakili. Kabla hujatafsiri chochote, linganisha Kijerumani kilichonakiliwa na kile kilicho kwenye picha. Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo inayookoa muda. Angalia hasa mahali patatu. Kwanza ni ile herufi ß, ambayo programu huisoma kama B kubwa, hivyo außerhalb hugeuka auBerhalb na kushindikana kutafsiriwa. Pili ni vitone juu ya ä, ö na ü, ambavyo hupotea picha ikiwa na ukungu. Tatu ni kistari kati ya saa mbili. Kikipotea, 13–15 inakuwa 1315, na tafsiri itakuambia habari za mwaka au namba ya chumba.

Sehemu ya taka mara nyingi imepangwa kwa safu mbili au jedwali. Programu husoma mstari mzima kutoka kushoto hadi kulia, kwa hiyo siku ya pipa moja huenda ikashikamana na jina la pipa jingine. Kwenye mfano wetu, mstari wa Restmüll na Bio ni mtego wa aina hiyo. Kata picha, ufanye kila safu kuwa picha yake.

Na kama chini ya karatasi pana orodha ya wapangaji na namba zao za simu, kata sehemu hiyo kabla hujaipeleka picha popote. Majina ya majirani hayahitajiki ili ujue siku ya taka.

Dalili: sentensi inaruhusu jambo ambalo jirani anasema limekatazwa

Kijerumani hupenda kuweka kitenzi na kikanushi mwishoni mwa sentensi. Katika mfano, maneno ya kumpa mtu mwingine chumba yamekaa mstari mmoja, na nicht gestattet, yaani hairuhusiwi, yako mstari unaofuata. Picha ikikatika hapo, au ukinakili mstari mmoja mmoja, unabaki na sentensi isiyo na mwisho, nayo programu huimalizia yenyewe, mara nyingi kwa upande wa kukubali.

Dawa ni kuunganisha mistari. Bandika maandishi kwenye kisanduku cha kuandikia, futa kila mkato wa mstari ulio katikati ya sentensi, na kama neno limekatwa kwa kistari mwishoni mwa mstari, liunganishe. Hakikisha kila sentensi ina nukta yake. Kisha ndipo utafsiri.

Ukimaliza, rudi kwenye Kijerumani na utafute maneno haya: nicht, kein, untersagt, verboten na nur. Manne ya kwanza yanakataza, na la mwisho linabana, maana yake ni "tu" au "peke yake". Kwa kila moja lazima uone katazo au kizuizi kwenye Kiswahili chako. Pasipo na "si", "ha-", "hairuhusiwi", "marufuku" au "tu" mahali panapolingana nalo, tafsiri hiyo imegeuka na usiifuate.

Kuna muundo mwingine wa lazima usioonekana kama amri. Kijerumani cha matangazo husema sind anzumelden au haben zu verlassen, na ukiutazama neno kwa neno utaona "ni" na "wana". Programu iliyopewa kipande tu inaweza kuandika "wageni wana nyumba ya kuondoka" au "wageni wamesajiliwa". Maana halisi ni "lazima waondoke" na "lazima taarifa zao zitolewe". Ukiona Kiswahili kinaeleza hali tulivu mahali ambapo tangazo lilitakiwa kuagiza, shuku muundo huu.

Dalili: saa za utulivu haziingii akilini

Hapa ndipo wasomaji wa Kiswahili wanapoumia kuliko wengine wote, kwa sababu makosa mawili hukutana. Tangazo limeandika 22–6 Uhr kwa mfumo wa saa 24. Tafsiri inaweza kukupa "10 jioni hadi 6 asubuhi", kwa hesabu ya saa ya Kizungu iliyovikwa maneno ya Kiswahili. Anayesoma kwa saa yetu anaona saa kumi jioni, yaani 16 Uhr, na upande wa pili anaona saa sita, ambayo ni ama adhuhuri ama katikati ya usiku. Amepata kanuni ambayo haipo.

Usiiachie programu saa. Nakili tarakimu kutoka kwenye picha, kisha ugeuze mwenyewe: toa 6, na kama jibu linazidi 12, toa 12 tena. 22 inakuwa 16, kisha 4, basi ni saa nne usiku. 6 inakuwa 0, nayo tunaisoma saa kumi na mbili asubuhi. 13 ni saa saba mchana, 15 ni saa tisa alasiri, 18 ni saa kumi na mbili jioni. Saa iliyo chini ya 6, kama 5 Uhr, iongezee 6: saa kumi na moja alfajiri.

Unapowaandikia wenzako tafsiri hiyo, weka zote mbili pamoja: "22:00, yaani saa nne usiku". Simu zao zinaonyesha 22:00, vichwa vyao vinasema saa nne, na hakuna atakayekosea.

Saa iliyoandikwa kwa maneno ina mtego wa ziada. Halb acht ni saa moja na nusu, kwa tarakimu 7:30. Mjerumani anahesabu nusu ya kuelekea nane, hajapita nane. Anayeitafsiri kwa kukisia huchelewa saa nzima.

Baada ya saa kuja siku. Werktags hutafsiriwa "siku za kazi", na aliyezoea ofisi huelewa Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa desturi ya Ujerumani na katika sheria zake nyingi, Jumamosi nayo ni Werktag. Kwa hiyo ukimya wa 13–15 Uhr kwenye mfano unaihusu Jumamosi pia, siku ile ile ambayo wengi hupanga kutoboa ukuta na drili. Kinyume chake ni sonn- und feiertags, Jumapili na sikukuu, na hapo neno ganztägig linafunga siku nzima. Tafsiri ikikuandikia "jua na sikukuu", kistari kilichoning'inia baada ya sonn- hakikueleweka. Kimesimama badala ya -tags iliyoachwa ili isirudiwe.

Sikukuu zenyewe si sawa nchi nzima, kwa sababu kila jimbo lina orodha yake. Tarehe 6 Januari ni sikukuu Bavaria, lakini Hamburg ni siku kama nyingine. Tumia kalenda ya jimbo unaloishi, si ya rafiki aliye mji mwingine.

Dalili: unadhani ofisi imefungwa, au unadhani nje ya saa hizo unaweza kupiga kelele upendavyo

Ruhezeiten na Mittagsruhe hutoka kama "nyakati za mapumziko" na "mapumziko ya mchana". Kwa Kiswahili tunasikia watu wa ofisini wamekwenda kula. Iandike "saa za utulivu", na kila mtu ataelewa kwamba anayetakiwa kutulia ni yeye. Ukimya wa mchana hauko katika sheria moja ya nchi nzima. Unakubana kwa sababu umeandikwa kwenye kanuni za nyumba au za mji wako. Ndiyo maana nyumba ya mtaa wa pili inaweza isiwe nao, na mpangaji wa huko akikuambia "hakuna kitu kama hicho" anasema kweli kuhusu kwake tu.

Zimmerlautstärke ndilo neno linalotafsirika vibaya kuliko yote katika sehemu ya kelele, maana "sauti ya chumba" haimwambii mtu chochote. Kinachotakiwa ni kwamba muziki, runinga na maongezi yabaki ndani ya chumba chako, jirani asiyasikie kwake au ayasikie kwa mbali mno. Angalia na neno lililotangulia: Außerhalb der Ruhezeiten, nje ya saa za utulivu. Kwa hiyo hata saa kumi jioni, wakati ambao si wa utulivu, spika haifunguliwi hadi mwisho. Tafsiri ikiacha neno außerhalb, kwa mfano kwa sababu ya ile ß iliyosomwa B, kanuni inaonekana kuruhusu muziki wa kadiri wakati wa usiku na kunyamaza kabisa kuhusu mchana. Hiyo ni kinyume cha ilivyoandikwa. Njia ya kujipima ni rahisi: weka muziki, funga mlango, simama kwenye korido. Ukiweza kufuata maneno ya wimbo, punguza.

Mashine ya kufulia na kifyonza vumbi visipotajwa kwa jina, usidhani vimesamehewa. Vikitajwa, utaona Waschmaschine na Staubsauger, na mara nyingi saa yake imeandikwa pembeni.

Dalili: kanuni ya wageni inaonekana kukataza ndugu yako asikutembelee

Maneno matatu ndiyo yanayoleta hofu hapa.

La kwanza ni anmelden. Tafsiri huandika "jisajili" au "andikishwa". Ujerumani kuna Anmeldung nyingine, ile ya kuandikisha makazi kwenye ofisi ya mji ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, na kila mgeni nchini ameshaisikia. Basi mtu anasoma kwamba dada yake aliyetoka Mombasa kumtembelea kwa siku nne lazima aende akaandikishwe makazi. Soma sentensi yote. Katika mfano wetu anayepelekewa habari ni der Hausverwaltung, yaani wasimamizi wa nyumba. Barua pepe yenye jina la mgeni na tarehe za kuja na kuondoka ndiyo inayotakiwa. Neno lifaalo kwa Kiswahili ni "toa taarifa".

La pili ni kile kipimo, länger als drei Nächte, zaidi ya usiku mitatu. Programu nyingine huandika "siku tatu", na tofauti hiyo ina uzito wake. Mgeni aliyefika Ijumaa jioni na kuondoka Jumatatu asubuhi amegusa siku nne za kalenda, lakini amelala mara tatu tu, hivyo bado hajavuka. Angelala na Jumatatu, ungehitaji kutoa taarifa. Hesabu vitanda vilivyolaliwa, usihesabu tarehe.

La tatu ni Dritte. Linaweza kutoka "ya tatu" au "theluthi", na sentensi ikasomeka kama vile mtu wa tatu chumbani ndiye aliyekatazwa, wawili wanaruhusiwa. Dritte hapa ni mtu yeyote ambaye hayumo kwenye mkataba. Überlassung nayo ni kumwachia mtu chumba akitumie mwenyewe. Kwa hiyo kinachokatazwa ni kwenda likizo Nairobi wiki sita na kumwachia rafiki ufunguo akae, awe analipa au halipi. Mgeni anayelala kwako ukiwepo ni jambo jingine, na lina sentensi yake hapo juu. Ukitaka kumwachia mtu chumba, omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Sheria ya kiraia ya Ujerumani, kifungu cha 540, nayo inadai ruhusa hiyo, hata karatasi ya mlangoni isipoitaja.

Kuhusu kukatazwa wageni kabisa: mahakama za Ujerumani huhesabu kupokea wageni kuwa sehemu ya kawaida ya kuishi mahali ulipopanga, na katazo la jumla halisimami kwenye mkataba wa kawaida. Basi tafsiri yako ikisema "wageni hawaruhusiwi" bila saa, bila idadi ya usiku na bila neno lolote la ziada, rudi kwenye picha kwanza. Mara nyingi utakuta nur au ohne Anmeldung, bila kutoa taarifa, imeachwa nje ya fremu.

Dalili: unatoa pipa, lori halichukui, au unatoa pipa wiki isiyo yake

Hii ndiyo sehemu yenye makosa mengi zaidi, kwa sababu imejaa vifupisho, na kifupisho hakina sentensi ya kukisaidia.

Anza na lugha. Ukiiacha programu ibahatishe lugha yenyewe, siku zilizofupishwa huonekana kama Kiingereza. Do inakuwa "fanya" na So inakuwa "hivyo". Chagua Kijerumani kwa mkono, na hata hivyo andika siku mwenyewe: Mo Jumatatu, Di Jumanne, Mi Jumatano, Do Alhamisi, Fr Ijumaa, Sa Jumamosi, So Jumapili. Di na Do zinatofautiana kwa herufi moja, na kwenye picha yenye ukungu ndizo zinazobadilishana. Zikuze kwenye skrini uzitazame kwa macho.

Halafu majina ya mapipa. Tonne ni pipa la taka, lakini pia ni tani ya uzito, ndiyo maana tafsiri inakuletea "tani ya njano". Hilo ni pipa la vifungashio vya plastiki, makopo ya bati na pakiti za maziwa. Restmüll ni hatari zaidi kwa sababu Kiswahili chake kinaonekana sahihi: "taka zilizobaki" au "mabaki". Kwetu mabaki ni chakula kilichosalia, na watu wengi huishia kumwaga ugali na maganda ya ndizi humo. Restmüll ni taka zisizo na pipa lake jingine, kama nepi, majivu ya sigara, vumbi la kufagia na vyombo vya udongo vilivyovunjika. Chakula na maganda huenda Bio, bila mfuko wa plastiki. Wachukuzi wakiona plastiki ndani ya Bio wanaweza kuliacha pipa lote limejaa, wakabandika kibandiko juu yake. Hiyo ni dalili tofauti na ya kukosea siku: pipa lenye kibandiko limekataliwa kwa kilicho ndani, pipa lisilo na kibandiko huenda lilitoka siku isiyo yake au lilichelewa.

Sasa wiki. KW ni kifupi cha Kalenderwoche, namba ya wiki ya mwaka, ila tafsiri inaweza kuisoma kilowati. Gerade ina maana ya "shufwa", yaani namba inayogawanyika kwa mbili, lakini pia "sasa hivi" na "iliyonyooka", na programu isiyo na sentensi huchagua moja ya hizo za mwisho. Ungerade ni witiri. Kwa hiyo mfano wetu unasema: Restmüll ni Jumanne ya wiki za witiri, Bio ni Jumanne ya wiki za shufwa, pipa la njano ni Alhamisi ya wiki za shufwa.

Namba ya wiki Ujerumani hufuata kanuni ya ISO 8601: wiki huanza Jumatatu, na wiki ya 1 ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya Januari. Kwenye jedwali la kompyuta andika tarehe katika A1, kisha:

```
=ISOWEEKNUM(A1)
```

Kwenye Linux au Mac, amri hii inakupa wiki ya leo:

```
date +%V
```

Kalenda ya simu nayo inaweza kuonyesha namba za wiki ukiiwasha kwenye mipangilio, lakini angalia eneo lililochaguliwa. Simu iliyowekwa Marekani huanza wiki Jumapili na huita wiki ya 1 ile yenye tarehe 1 Januari. Mwaka 2026 hutaona tofauti ila siku za Jumapili na wiki ya mwisho ya Desemba. Mwaka 2027 simu hiyo itakuwa mbele kwa wiki moja, Jumatatu hadi Jumamosi, mwaka mzima, hivyo kila witiri itakuwa shufwa, na utatoa mapipa kinyume kuanzia Januari hadi Desemba.

Tuufanyie kazi mwezi wa Mei 2026. Jumatatu tarehe 4 inaanza wiki ya 19, witiri, basi Restmüll ni Jumanne tarehe 5. Wiki ya 20 ni shufwa: Bio Jumanne tarehe 12, na pipa la njano Alhamisi tarehe 14. Lakini tarehe 14 Mei 2026 ni sikukuu ya Kupaa Bwana, sikukuu ya nchi nzima, lori halitembei. Kawaida uchukuzi wa siku ya sikukuu na wa siku zinazofuata ndani ya wiki hiyo husogea siku moja mbele, hivyo la njano ni Ijumaa tarehe 15. Wiki ya 21 Restmüll ni tarehe 19. Wiki ya 22 Bio ingekuwa Jumanne tarehe 26, ila Jumatatu yake, tarehe 25, ni Jumatatu ya Pentekoste, kwa hiyo inasogea Jumatano tarehe 27. Ona kwamba Jumanne yenyewe haikuwa sikukuu. Hili huwakwamisha hata wenyeji. Kwa Pasaka na Krismasi baadhi ya miji husogeza nyuma badala ya mbele, basi wiki hizo usihesabu, soma ratiba ya mji.

Mwisho wa mwaka huo kuna jambo la kuandika ukutani mapema. Mwaka 2026 una wiki 53. Wiki ya 53 inaishia Jumapili tarehe 3 Januari 2027, na Jumatatu ya tarehe 4 inaanza wiki ya 1. Zote mbili ni witiri. Ukifuata karatasi neno kwa neno, Restmüll itachukuliwa wiki mbili mfululizo na Bio itakaa wiki tatu. Kampuni ya taka hutoa ratiba mpya kwa ajili hiyo, na karatasi ya mlangoni mara nyingi hubaki ya zamani.

Dalili: siku ni sahihi, wiki ni sahihi, bado pipa halikuchukuliwa

Tazama neno bis. Kwenye saa za utulivu lina maana ya "hadi": 22 hadi 6. Kwenye mapipa maana yake ni "kabla ya, isizidi". Tonnen bis 6 Uhr bereitstellen ni kwamba pipa liwe limeshafika ukingoni mwa barabara kufikia saa kumi na mbili asubuhi. Tafsiri ya "weka mapipa hadi saa 6" inamfanya mtu ayatoe usiku na kuyarudisha alfajiri, nusu saa kabla ya lori, au kuyaacha nje mpaka adhuhuri. Mstari wa mwisho unaweka mpaka wa upande wa pili: frühestens ab 18 Uhr am Vortag, si kabla ya saa kumi na mbili jioni ya siku iliyotangulia. Kwa hiyo pipa la Jumanne linatolewa kati ya Jumatatu saa kumi na mbili jioni na Jumanne saa kumi na mbili asubuhi.

Ukiwa bado na shaka baada ya haya yote, usiwaulize wasimamizi "tangazo linasema nini". Wapelekee tarehe moja wajibu ndiyo au hapana:

```
Wird der Biomüll am Mittwoch, 27. Mai, abgeholt?
Müssen die Tonnen bis 6 Uhr draußen stehen?
```

Sentensi ya kwanza inauliza kama taka za Bio zitachukuliwa Jumatano tarehe 27 Mei, na ya pili kama mapipa lazima yawe nje kufikia 6:00. Na pale karatasi ilipoandikwa juu kwa kalamu, tarakimu 1 ya mkono wa Kijerumani ina mkia mrefu unaopanda, na kamera huiona 7. 7 yao halisi ina kistari katikati. Saa au tarehe iliyorekebishwa kwa kalamu isome kwa macho, kisha uithibitishe kwenye Abfuhrkalender, ratiba ya uchukuzi kwenye tovuti ya mji, kwa kuandika jina la mtaa na namba ya nyumba. Karatasi na ratiba zikipingana kuhusu siku ya taka, fuata ratiba, kwa sababu dereva wa lori anafuata hiyo.